Faili ya Mume Wangu Iliyokuwa Ikirudi Kila Mwezi

Kazi yangu ni masjala, katika ofisi ya afya mjini, na nimeifanya kwa miaka kumi na sita. Watu wakisikia masjala hudhani ni mahali pa kulaza karatasi. Nikiwa na hasira huwaambia ukweli: karatasi hulala kwa watu wasio na daftari. Kwangu hailali.

Daftari lenyewe ni kubwa, lina ukurasa kwa kila siku ya mwaka, na linaitwa la B.U. Ofisa akishaandika barua kwa mtu na sasa ni zamu ya huyo mtu kujibu, hakai na faili mezani. Huandika ndani yake herufi hizo mbili na tarehe, maana yake niletewe tena siku hiyo, kisha ananirudishia. Mimi naandika nambari ya faili kwenye ukurasa wa tarehe ile, na faili inaingia kabatini. Jibu likija mapema, nalifunga ndani, nampelekea ofisa, na kufuta ile nambari daftarini. Lisipokuja, siku ikifika naitoa faili mwenyewe asubuhi kabla sijanywa chai na kuiweka mbele yake, hata kama alikuwa ameshaisahau. Hasa kama alikuwa ameshaisahau. Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu, naileta siku ya kazi iliyotangulia. Kuna wenzangu wanaosubiri Jumatatu. Shauri yao.

Herufi nyingine mbili ni P.A. Hizo maana yake faili ikawekwe, mambo yamekwisha. Hakuna ukurasa unaoikumbuka faili ya P.A.

Ofisa wangu, ambaye sote tunamwita Madam, ndiye aliyenifundisha kuchagua siku. Mtu wa jengo hilihili umpe siku saba. Wa kaunti nyingine umpe thelathini, maana barua itapita mikono mitano kabla haijafika kwa mwenye kalamu. "Ukimuuliza mtu kila siku, anakuzoea," alikuwa akisema. "Muulize siku ile umeandika. Siku ingine nyamaza." Mimi kunyamaza kulinishinda mwanzoni. Baadaye nikaona kwamba daftari ndilo linaloninyamazia. Nikishaandika, moyo unatulia, kwa sababu najua kuna siku ambayo jambo litajileta lenyewe.

Tabia hiyo nilienda nayo nyumbani. Kwenye simu nimemwekea siku fundi wa mabati, nimemwekea siku karani wa kanisa mwenye cheti cha ubatizo cha binti yangu, na jirani aliyeazima ngazi ya mama akajifanya ni yake. Simu ikilia, nampigia. Kwetu, upande wa Kaplong, ninakoishi na mama, wananiita Kumbusho, na wakiniona natoka kwenye shamba la chai na simu mkononi hucheka na kuulizana ni zamu ya nani leo. Sijali. Ngazi ilirudi.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumwekea siku, naye ni mume wangu.

Yeye ni muuguzi. Alipomaliza chuo hakupata nafasi huku kwetu, akapata kaunti moja ya kaskazini, kwenye zahanati iliyo mbali na barabara ya lami, akaenda akisema ni mwaka mmoja tu. Binti yetu alikuwa na miezi minne. Sasa yuko darasa la tatu, na baba yake anamjua kwa likizo: Krismasi, na majuma mawili ya mwezi wa nne. Akifika, mtoto humkwepa siku mbili, siku ya tatu humpanda mgongoni, na akimzoea kabisa ndipo begi linapofungwa. Nimeiona hiyo mara nyingi na bado sijaizoea.

Namtamani mume wangu, na siwezi kulisema kwa njia ya adabu zaidi. Natamani kusikia akikohoa asubuhi akiwasha jiko. Mvua yetu hunyesha mchana, saa nane au saa tisa, na ikishika bati sauti ya mtu haisikiki nyumbani. Kila ikinyesha nawaza kwamba angekuwepo tungekaa tu kimya pamoja, bila kusikizana, na ingetosha. Huko aliko mvua ni habari ya kupigiana simu. "Imenyesha?" huniuliza. Namwambia imenyesha. Anasema, "Weka simu dirishani nisikie." Naiweka, na salio linaenda hivyo hivyo, yeye akisikiliza mvua ya kwa mama mkwe.

Ndipo tukaomba uhamisho. Muuguzi hahami kaunti kwa kutaka tu. Kaunti anayoenda lazima iseme tunamkubali, na ile anayotoka lazima iseme tunamwachilia. Faili ya kumkubali ikafunguliwa katika ofisi yetu, yaani katika masjala yangu. Nilienda kwa Madam siku hiyohiyo nikamwambia huyu ni mume wangu, asije akasikia kwa mwingine. Akaniangalia juu ya miwani. "Faili ni faili," akasema. "Wewe ubebe. Kuamua sio kazi yako." Na ikawa hivyo. Sikuwahi kuandika neno ndani yake ila nambari za kurasa.

Barua ya kumkubali ilitoka upesi, mwezi wa pili, mwaka juzi. Ilisema nafasi ipo, tunaomba mumwachilie. Madam akaandika B.U., siku thelathini. Nikaiandika tarehe daftarini kwa kalamu yangu nzuri. Nakumbuka hata hiyo kalamu, na aibu inanishika.

Siku thelathini zikafika, kimya. Madam akaandika barua ya kukumbusha: rejea barua yetu ya tarehe fulani, tunasubiri jibu lenu. Siku thelathini tena. Kimya. Akaandika kumbusho la pili, kisha la tatu, na yote yalienda kwa posta na kwa barua pepe. Kila mwezi ilikuwa asubuhi ileile: nafungua ukurasa, naiona nambari ninayoijua kwa kichwa, naitoa faili, naipeleka, nayo inarudi jioni ikiwa na tarehe mpya. Wenzangu walikuwa wakiniona naibeba peke yake, siyo katika rundo, wakanipisha mlangoni.

Nyumbani nilimuuliza yeye kwa simu, "Wamekujibu huko?"

"Bado," alikuwa akisema.

"Watu wa hiyo ofisi yenu wamelala."

"Hmm," akasema. "Binti amekula?"

Nikawalaani watu wa kaskazini kwa Kiswahili na kwa Kipsigis. Niliwaza mle ndani kuna karani mvivu, mwanamke au mwanamume, anayekalia barua zangu na kunywa soda. Nilimchukia kwa jina la kazi yetu. Nilijiambia kama angekuwa chini yangu, angejua.

Mwaka wa pili Madam alianza kurefusha siku. Badala ya thelathini akaandika sitini. Kisha tisini. Kwa mtu mwingine hiyo ni akili ya ofisi, huwezi kumwandikia asiyejibu kila mwezi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nafungua daftari kuruka majani ya miezi mitatu kutafuta ukurasa wa kuandika, na kila jani lililopita vidoleni niliona ni siku ambazo mume wangu hayupo. Niliandika. Ningefanya nini?

Mwaka huu, mwezi wa tano, faili iliporudi kwangu, Madam alikuja nayo mwenyewe. Akafunga mlango.

"Mama, hii nafasi siwezi kuishikilia," akasema. "Kuna wauguzi wa hapa wanangoja. Nimeweka siku kumi na nne. Ikirudi kwangu bila jibu, naandika P.A. Nimekuambia mapema ndio usije ukaiona kwa faili."

Nikasema sawa, Madam. Nilipobaki peke yangu niliandika nambari yake kwenye ukurasa wa siku ya kumi na nne.

Sikuwa nimewahi kupiga simu kule. Barua za ofisi hujibiwa na barua, na karani anayempigia karani mwenzake kuhusu mume wake anajitafutia matata. Lakini nilitoa nambari ya simu iliyo juu ya barua zao, nikatoka nje karibu na tangi la maji, nikapiga. Iliita mara nyingi. Akaja mwanamke mwenye sauti ya upole, nikamuuliza kama nimefika masjala.

"Umefika, dada. Nikusaidie na nini?"

Nikamtajia nambari ya barua yetu. Sikuhitaji kusoma popote. Na yeye hakuniomba nirudie.

"Hiyo faili naijua," akasema. "Si ni ya yule muuguzi wa zahanati? Hiyo natoa kila mwezi."

"Unatoa vipi?"

"Iko B.U., dada. Kila mwisho wa mwezi napelekea ofisa, na yeye anaandika tu tunangoja form. Nimechoka kuibeba."

Niliegemea tangi. Karani niliyemlaani miaka miwili alikuwa na daftari kama langu, na asubuhi zake zilikuwa kama zangu. Faili mbili za mtu mmoja zilikuwa zikitolewa kabatini huku na kule, kila moja ikingoja.

"Form gani?" nikauliza.

"Ile ya kuomba kuachiliwa. Mwenyewe anajaza, anaweka sahihi, ndio tuachilie. Tulimpatia zamani sana, mwezi wa tatu mwaka juzi. Tukamwandikia tena mara mbili tukimkumbusha. Hajarudisha. Ofisa akasema barua zenu tutajibu form ikikuja." Akashusha sauti. "Kwani hakuwaambia?"

Nikasema asante, dada yangu. Nikamwambia ubarikiwe. Kwa laana zote zile, hilo nilikuwa nadaiwa naye.

Nilimpigia mume wangu palepale, nikijua yuko kwa wagonjwa. Akashika.

"Form iko wapi?"

Hakuniuliza form gani. Nilimsikia akitoka, mlango ukafungwa, na upepo wa kwao ukaanza kuvuma kwa simu.

"Iko na mimi," akasema.

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

Nilisema mengi ambayo sitayaandika. Nilimwambia nimebeba faili yake kama mama mzazi. Nikamwambia ana mwanamke huko, aseme tu, tujue. Akaniacha nikamaliza. Kasoro yake ni hiyo, hunyamaza mpaka umalize, hata pale unapotaka akukatize.

"Nilikuuliza kitu," akasema mwishoni. "Hukunijibu."

"Kitu gani?"

"Mwezi wa nne, mwaka juzi, nikiwa likizo. Tukichuma chai kwa mama yako. Nilikuuliza kama unaweza kukuja huku, hata mwaka mmoja. Masjala ya huku walikuwa wanatafuta mtu. Ukaniambia tutaona."

Na hapo nikakumbuka. Nilikumbuka mstari wenyewe wa shamba, ule wa karibu na mto, na kikapu mgongoni mwake kikiwa na majani machache kwa sababu hajui kuchuma, anavunja hadi kijiti. Nilimwambia tutaona huku nikimrekebisha mkono. Majani mawili na kichipukizi, nilikuwa namwambia, hili ulilochuma watalikataa kwenye kituo cha kupimia chai. Aliniuliza jambo la maisha yake nami nikamjibu kuhusu majani.

"Hapa niko peke yangu," akasema. "Nikitoka, kabla walete mwingine, akina mama watazalia njiani. Nikiwawazia, form inakuwa nzito. Nikiwawazia nyinyi, nataka niipeleke na miguu. Nikasema basi, wacha wewe ndio uniambie. Ukisema unakuja, natupa form. Ukisema hukuji, naipeleka. Nikangoja."

"Si ungeuliza tena!"

"Wewe ndio mtu wa kukumbusha watu," akasema. Hakuwa akinitania. "Nilidhani ukinyamaza ni kwa sababu hutaki kusema hapana."

Kwetu mtu akisema tutaona, amekataa kwa heshima. Kila mtu anajua, hata mimi. Lakini mimi sikuwa nimekataa. Nilikuwa sijasikia.

Nilimwomba siku saba. Ilinitoka mdomoni kabla sijafikiri, na sote wawili tukacheka kidogo, cheko baya.

Jioni ile nilimweleza mama yote. Alikuwa ameketi jikoni akiosha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, miguu yake iliyovimba imenyooshwa mbele. Nilisema ni yeye anayenizuia kwenda kaskazini: nani atampeleka hospitali, nani atakaa na chai yake. Akaosha kibuyu mpaka akamaliza.

"Mimi usinifanye sababu," akasema. "Dada yako ako hapa Sotik. Kama hutaki kwenda, sema hutaki."

Nilikasirika naye siku tatu, nikimsalimu kwa mkato. Siku ya nne nilikuwa shambani kabla ya kazi, umande bado umekaa juu ya majani, na kilima chote kijani mpaka kule kinapoishia. Nikajua kwamba mama amesema kweli. Sikutaka kwenda. Nampenda mume wangu, namtamani hadi mwili unauma, na bado sikutaka kuacha mvua yangu, masjala yangu, na jina langu la Kumbusho nikaanze upya kwa watu wasionijua. Nilitaka arudi yeye. Nilitaka yeye ndiye aache. Si jambo zuri kujua juu yako mwenyewe.

Siku ya saba nilimpigia baada ya chakula cha jioni.

"Sikuji," nikasema. "Sio kwa sababu ya mama, wala mtoto. Ni mimi. Sitaki kutoka hapa. Nisamehe nimechelewa kusema."

Nilimsikia akivuta kiti na kuketi.

"Asante," akasema. "Nilikuwa nataka tu kujua. Kesho naipeleka."

Zilibaki siku saba za Madam. Nilizihesabu moja moja na sikumwambia mtu. Siku ya tano barua pepe ikaingia asubuhi, yenye nembo ya kaunti yao, nami ndiye ninayefungua barua zote. Ilisema wanamwachilia, mwingine akiripoti kwenye zahanati, katika muda wa siku tisini. Chini yake walikuwa wameambatisha nakala ya form.

Niliichapisha nikaisoma nikiwa nimesimama, kama ninavyosoma za watu wote: jina, nambari ya kazi, kituo. Juu kulia palikuwa na mhuri wa masjala yao, wa siku waliyopokea, siku mbili zilizopita. Chini kulikuwa na sahihi yake, ile ya kuinama kushoto, na tarehe aliyoiandika kwa mkono wake.

Ilikuwa ya mwezi wa tatu, mwaka juzi. Kwa tarehe iliyochapwa juu ya form, walimpa Jumatatu. Aliitia sahihi Alhamisi ya juma lilelile. Alikuja likizo mwezi wa nne ikiwa imeshajazwa, akasimama nami kwenye mstari wa chai, akauliza swali lake, na akarudi kuingoja sauti yangu.

Nililia hapo hapo, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Madam akaja, akaisoma form mkononi mwangu, akaisoma tarehe, na akashusha miwani. Alichukua faili, akaandika B.U., siku tisini, na kunirudishia.